Je, wajua kwa nini uso hukakamaa ukishaoshwa, hata penye hewa ya bahari?

"Mimi nakaa Langoni, Lamu. Nikimaliza kuosha uso kwa sabuni nahisi ngozi inavutwa, lakini ikifika adhuhuri pua na paji vinang'aa mafuta. Sasa ngozi yangu ni kavu au ni ya mafuta? Na asubuhi na jioni nipake nini?"

Inaweza kuwa yote mawili, dada, maana ukavu na mafuta vina asili mbili tofauti.

Kukakamaa hutoka kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi. Tabaka hilo hushikilia maji kwa msaada wa mafuta membamba yaliyo katikati ya seli zake, nalo lina uchachu kidogo: pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipanda uchachu hupungua, ni kama 5 hivi. Sabuni ya kipande iliyo sabuni halisi huwa na pH ya 9 hadi 10. Inatoa jasho na vumbi vizuri sana, ila huyabeba na yale mafuta membamba. Maji yaliyokuwa yameshikiliwa hutoroka, na baada ya dakika chache uso unakaza. Unyevu wa bahari hupunguza kasi ya maji kutoroka, lakini haurudishi mafuta yaliyokwisha oshwa.

Kung'aa ni kazi ya tezi za mafuta, na tezi hizo hufuata homoni na joto. Zioshe utakavyo, baada ya saa chache zitakuwa zimetoa tena, hasa wakati wa kaskazi. Wengi husema ngozi iliyokaushwa hulipiza kisasi kwa kutoa mafuta zaidi. Husemwa sana, hata na sisi wauza vipodozi, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Lililo wazi ni kwamba ukiufukuza mng'ao wa adhuhuri kwa sabuni, unaongeza ukavu na mng'ao unarudi vilevile.

Kisha kuna maji yenyewe. Maji baridi ya kisiwa hutegemea sana mvua inayochujwa kwenye matuta ya mchanga ya Shela, ila visima vingi vina chumvi na chokaa. Chokaa ikikutana na sabuni hufanya utando mweupe usioyeyuka, ule unaoganda pembeni mwa ndoo. Utando huohuo hubaki usoni, ukawasha na kukausha. Ukitaka kuyajua maji yako, kwangua sabuni ya kipande kidogo kama ukucha, itie kwenye chupa iliyojaa maji nusu, utikise. Maji laini hutoa povu zito na chini hubaki meupe kidogo tu. Maji magumu hutoa povu haba, na utaona vipande kama maziwa yaliyoganda. Fanya hivyohivyo na maji ya mvua, kwenye chupa nyingine, uone tofauti.

Kwa mtu wa Lamu lipo jambo ambalo maelekezo ya kwenye makopo hayalifikirii: uso wako huguswa na maji mara tano kwa siku kwa udhu. Udhu wenyewe si tatizo, maana ni maji matupu na muda mfupi. Tatizo ni kutia sabuni kila mara kwa kuwa upo bombani tayari. Sabuni ya uso mara moja kwa siku inatosha, nayo iwe jioni. Baada ya kila udhu futa maji kwa kitambaa safi, kwa kugusa bila kusugua, ili chumvi isikaukie usoni. Ukishalijua hilo, hatua za asubuhi na jioni zinajipanga zenyewe kwa saa za sala.

Asubuhi, udhu wa alfajiri umekwisha uosha uso. Usitie sabuni. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka losheni nyepesi yenye gliserini, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Gliserini huvuta maji na kuyashikilia kwenye lile tabaka la juu. Kabla ya kutoka, paka losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi. Hapa ndipo watu hupunja. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Ukipaka nusu yake, hupati kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Lamu iko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, jua ni kali mwaka mzima, na mawingu ya kusi hayalizuii lote. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini madoa ya chunusi na mabaka ya shavuni hukolea kwa jua. Ikiwa losheni inakuacha na weupe wa majivu, tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia. Mara nyingi rangi hiyo ni oksidi ya chuma, nayo huzuia pia sehemu ya mwanga unaoonekana, ambao huchangia mabaka.

Udhu wa adhuhuri utaiondoa sehemu ya losheni hiyo, na muda wa kuirudia umeshafika: ukiwa juani, hurudiwa kila baada ya saa mbili. Kama unashinda ndani au chini ya mwavuli, huna haja ya kuhangaika nayo kiasi hicho. Mng'ao wa saa hiyo ufute kwa karatasi laini.

Jioni, subiri hadi udhu wa isha, usije ukapaka kisha ukaosha. Tumia kiosha uso cha jeli au krimu, kile kisicho sabuni halisi, ambacho pH yake imeandikwa kuwa kati ya 5 na 6. Hakigandi na chokaa. Sugua kwa vidole kwa nusu dakika hivi, dodoki liache kwa miguu, kisha suuza sana. Kama una maji ya mvua, kata moja ya mwisho iwe ya hayo. Rudia ile losheni ya gliserini kabla uso haujakauka, basi. Mafuta ya nazi yanafaa juu ya losheni penye ukavu, kama pembeni mwa mdomo. Mwenye chunusi ayaweke mbali na paji, maana kwa wengi huziba vinyweleo.

Liwa ya mara mojamoja sina ugomvi nayo, mradi haikuwashi. Ndimu ndiyo nakukataza. Ina uchachu mkali mno, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi huweza kuchoma na kuacha weusi wa miezi.

Badilisha sabuni kwanza, peke yake, kwa muda wa wiki moja, kabla ya kununua kingine. Kila losheni mpya ijaribu ndani ya mkono kwa siku mbili tatu. Kukakamaa kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Mng'ao utapungua kidogo au hautapungua, na hakuna losheni itakayozifunga tezi au kuyaondoa madoa kwa usiku mmoja. Kuchonyota kidogo siku za mwanzo hutokea ngozi ikiwa imekauka sana. Ukiona wekundu, uvimbe, magamba au mwasho unaokuamsha usiku, acha vyote isipokuwa maji, na uende kliniki na chupa zako mkononi ili muuguzi asome kilichomo.