Je, wajua? Riba ya 3% kwa mwezi inaweza kukutoa zaidi ya mara tatu ya 18% kwa mwaka

"Nimepewa mikopo miwili, mmoja riba 3% kwa mwezi, mwingine 18% kwa mwaka. Mbona watu wanasema huo wa 3% ndo ghali wakati 3 ni ndogo kuliko 18?"

Kwa sababu hizo namba mbili hazipimi muda mmoja. Ili uzilinganishe, ya mwezi zidisha mara 12, na hapo hapo tu 3% inakuwa 36% kwa mwaka, yaani mara mbili ya ile 18%. Na hapo ni kama unalipa riba yako kila mwezi, maana ukikaa mwaka mzima hulipi kitu na riba ikawa inaongezwa juu ya deni halafu nayo inazaa riba, haiishii 36, inafika kama 42.6%.

Lakini kuzidisha mara 12 ni mwanzo tu, penye shida yenyewe ni riba inapigwa juu ya kiasi gani. Mikopo mingi inayotangazwa kwa mwezi inapigwa fleti, yaani riba inahesabiwa juu ya kiasi ulichokopa siku ya kwanza mpaka mwezi wa mwisho, hata kama umeshalipa karibu deni lote. Ile ya kwa mwaka mara nyingi inapigwa kwenye salio linalopungua, unalipia riba ya hela ambayo bado unadaiwa tu.

Tuchukue mkopo wa 120,000 wa miezi 12. Kwa 3% fleti, kila mwezi riba ni 3,600 na deni lenyewe unapunguza 10,000, kwa hiyo rejesho ni 13,600. Ukimaliza mwaka umelipa riba 43,200. Sasa huo wa 18% kwa mwaka kwenye salio linalopungua, ni 1.5% kwa mwezi, rejesho linakuja kama 11,000 na riba yote ya mwaka haizidi sana 12,000. Kiasi kilekile, muda uleule, mmoja unalipa riba 43,200 na mwingine 12,000 na kidogo.

Angalia mwezi wa 12 wa huo mkopo wa fleti, ndo utaelewa vizuri. Deni la msingi lililobaki ni 10,000 tu, lakini bado unatozwa riba 3,600 kana kwamba ile 120,000 yote iko mfukoni mwako. Mwezi huo peke yake umelipa 36% ya unachodaiwa! Na ukipiga wastani wa deni lako kwa mwaka mzima, kuanzia 120,000 ikishuka 10,000 kila mwezi, unapata 65,000. Kwa hiyo riba ya 43,200 umelipa kwa kukaa na wastani wa 65,000, sio 120,000, na hapo ndipo ile 36% inapokimbilia kwenye 60 na kitu.

Utajuaje wako ni upi? Kabla hujasaini omba ratiba ya marejesho, ile karatasi yenye mwezi kwa mwezi, halafu shuka na safu ya riba. Ukiona kila mwezi ni namba ileile, hiyo ni fleti. Ukiona inapungua mwezi hadi mwezi, ni salio linalopungua. Wakikupa rejesho tu bila ratiba, bado unaweza kuitoa riba halisi mwenyewe kwenye Excel, andika idadi ya miezi, rejesho (likiwa na alama ya kutoa) na hela uliyopokea:

```
=RATE(12,-13600,120000)
```

Itakupa kama 5.08% kwa mwezi (ikikuonyesha 5% tu, ongeza desimali), zidisha mara 12 unapata karibu 61% kwa mwaka. Hiyo ndo namba ya kuiweka pembeni ya ile 18%, sio 3 wala 36.

Na hapo mwisho kwenye hesabu weka hela iliyoingia mkononi kweli, sio iliyoandikwa kwenye mkataba. Hili nalisisitiza sana, kwa sababu wakopeshaji wengi wanakata ada ya kushughulikia mkopo na bima kabla hawajakupa hela. Tuseme wamekata 6,000 ukapokea 114,000 huku rejesho likabaki 13,600 ileile. Badilisha 120000 iwe 114000 na riba inaruka mpaka karibu 6% kwa mwezi, kama 72% kwa mwaka, wakati tangazo bado linasema 3%.