Pengo la kuuguza au kusoma nje kwenye wasifu: dhana nne na ukweli wake

Dhana: Ukiandika miaka bila miezi, pengo halitaonekana.

Huu ndio ujanja unaosambazwa zaidi, na ndio unaoponza wengi. "2016 – 2021", kisha "2023 hadi sasa", ukitumaini msomaji atapita haraka. Lakini fomu nyingi za maombi mtandaoni hukudai mwezi. Isitoshe, tarehe zako zipo tayari kwenye karatasi nyingine. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi kinachotaja tarehe uliyoanza na uliyoacha kazi. Tanzania nayo ina cheti cha utumishi chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ofisa rasilimali watu akilinganisha cheti na wasifu wako akakuta miezi ishirini haijulikani ilikwenda wapi, hawazi kwamba ulikuwa unamuuguza mama. Anawaza kwamba ulifukuzwa.

Andika mwezi na mwaka, kisha kipindi hicho kiweke ndani ya orodha ya kazi, mahali pake kwa mfuatano wa tarehe. Ukikisukuma chini kabisa kwenye "mengineyo", pengo linabaki palepale juu.

Dhana: Lazima ueleze ugonjwa ili uaminike.

Hapana. Aina ya ugonjwa, hospitali na jina la mgonjwa si mambo ya mwajiri. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu hali ya afya na taarifa za familia, hata majina ya wazazi, kuwa data nyeti. Mgonjwa huyo hakuomba kazi. Mwachie siri yake.

Anachohitaji mwajiri ni majibu ya maswali matatu: ulikuwa wapi, taaluma yako ulikuwa unaitunza vipi, na je, sasa uko huru kufanya kazi? Mchukulie mhasibu wa Morogoro aliyeacha kazi baba yake alipoanza kusafishwa damu. Huduma hiyo kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, bado safari na uchovu wa baadaye. Ni vigumu ajira ya kutwa kukaa na ratiba hiyo. Kwenye wasifu, hata hivyo, yote hayo yanabaki hivi:

> Juni 2021 – Februari 2023
> Mapumziko ya kazi: kumuuguza mzazi, Morogoro
> Niliacha kazi kwa hiari ili kumuuguza mzazi kwa muda wote. Niliendeleza usajili wangu wa NBAA na kuandaa hesabu za kila mwezi za kikoba cha wanachama 30. Jukumu hilo limekwisha, na naweza kuanza kazi ya kutwa mara moja.

Sentensi ya mwisho ndiyo watu husahau, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Inajibu hofu ambayo msaili huona haya kuitamka: je, utaondoka tena? Kama mzazi amefariki, "limekwisha" inatosha. Kama bado anaumwa, andika "jukumu hilo sasa liko kwa ndugu wengine", ikiwa kweli liko kwao.

Dhana: Kuuguza kupewe cheo kikubwa.

Kuna wanaoandika "Meneja wa Huduma za Afya, Familia". Nawaelewa, kwa sababu kuuguza ni kazi ngumu na inauma kuona haihesabiwi. Ila cheo bila mwajiri humfanya msomaji atilie shaka hata vyeo vyako vya kweli. Taja tu kile ambacho mtu mwingine anaweza kukithibitisha. Katika mfano wetu, mwenyekiti wa kikoba anaweza kupigiwa simu. Kama hukupata nafasi ya kufanya lolote la taaluma, ifute sentensi ya kati. Zile mbili zinasimama zenyewe.

Dhana: Masomo ya nje yanajieleza yenyewe.

Shahada ikiwa kwenye sehemu ya elimu pekee, msomaji wa orodha ya kazi bado anaona shimo. Weka mstari mmoja hapo: "Septemba 2021 – Novemba 2022: masomo ya kutwa ya uzamili, Uingereza (tazama Elimu)." Usirudie kozi na alama mara mbili. Kwa anayerudi Tanzania kuomba ajira ya serikali, matangazo huagiza vyeti vya nje vihakikiwe, na kwa shahada wanaohusika ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Ukishapata uthibitisho huo, utaje kwenye Elimu. Na kama hukumaliza, andika "sikuhitimu" pamoja na muda uliosoma, maana cheti ambacho hakipo kitaulizwa siku ya usaili.