Ukurasa unaofuata jedwali: namna ya kuandika maelezo ya bajeti ya jumuiya

Sisi tunaopitia maombi ya ruzuku ya jumuiya za Unguja na Pemba tunapokea majedwali mengi mazuri. Yamepigwa mistari, jumla zake ziko sawa, mihuri imegongwa. Bado tunayarudisha, kwa sababu jedwali peke yake halisemi fedha zimehesabiwa wakati gani, mwandishi aliamini nini alipoweka kila tarakimu, na kitu gani amekiacha nje kwa makusudi. Majibu ya hayo hukaa katika ukurasa wa maelezo, na ukurasa huo ndio makatibu wengi huuandika usiku wa mwisho kabla ya kuwasilisha.

Tuchukue jumuiya ya wakulima wa mwani wa Kaskazini Pemba. Ni mfano tu, na tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike. Bajeti yao ni ya mwaka mmoja, kuanzia Julai 1 hadi Juni 30 kama mwaka wa fedha wa Serikali.

| Kifungu | Shilingi |
|---|---|
| Chanja 20 za kuanikia mwani | 7,000,000 |
| Boti ya faiba | 8,000,000 |
| Mashine ya boti | 6,500,000 |
| Mafuta ya boti | 3,024,000 |
| Mafunzo ya siku mbili | 1,476,000 |
| Jumla ya matumizi | 26,000,000 |
| Ruzuku inayoombwa | 24,100,000 |
| Tozo ya jumuiya | 1,900,000 |
| Jumla ya mapato | 26,000,000 |

Tuanze na tozo. Kuanzia Julai ya bajeti hii, jumuiya itakata shilingi 100 kwa kila kilo ya mwani mkavu unaouzwa kupitia ghala lake; kabla ya hapo haikuwa na tozo. Wanakadiria kilo 2,000 kwa mwezi, isipokuwa Machi, Aprili na Mei ambapo mvua za masika huzuia kuanika, na hapo wameweka kilo 1,000. Mwaka mzima ni kilo 21,000, yaani tozo ya shilingi 2,100,000. Mbona jedwali linasema 1,900,000?

Hapo ndipo msingi wa uandaaji unapohitajika. Mnunuzi huchukua mwani mwezi huu, akalipa mwezi ujao. Mwani wa Juni utalipwa Julai, na Julai ni mwaka mwingine. Bajeti hii imeandaliwa kwa msingi wa fedha taslimu: pato huandikwa fedha inapoingia mkononi au benki, na matumizi huandikwa fedha inapotoka. Kwa hiyo shilingi 200,000 za mwani wa Juni hazimo. Kama wangetumia ule msingi ambao wahasibu wanauita limbikizi, zingekuwemo, kwa kuwa jumuiya imeshazistahili hata kama hazijalipwa.

Msingi huo huo unaamua sura ya mashine. Kwa fedha taslimu, shilingi 6,500,000 zote zinaangukia mwaka huu. Kwa limbikizi, kama mashine imekadiriwa kudumu miaka 5, gharama ya kila mwaka mzima ni 1,300,000 tu na iliyobaki hubebwa mbele kama mali. Zote mbili ni hesabu halali. Kosa ni kuzichanganya: bajeti ikaandaliwa kwa fedha taslimu, kisha ripoti ya mwisho wa mwaka ikaandikwa na mhasibu wa kukodi kwa limbikizi. Mtu akiziweka pamoja ataona mashine "imeokoa" zaidi ya milioni 5, na atauliza zimekwenda wapi. Hazikwenda popote. Kwa Serikali jambo hili limewekewa kiwango kabisa cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 24, kinachotaka bajeti na matumizi halisi vilinganishwe kwa msingi mmoja, na msingi wenyewe uelezwe pamoja na kipindi na taasisi zinazohusika. Jumuiya ndogo haifungwi na kiwango hicho, lakini sentensi yake inaweza kuiazima: "Bajeti hii imeandaliwa kwa msingi wa fedha taslimu, kwa kipindi cha Julai 1 hadi Juni 30, kwa shilingi za Tanzania. Inahusu fedha za jumuiya tu. Ripoti ya matumizi itaandaliwa kwa msingi huo huo."

Jambo moja dogo hapa husahaulika. Fundi wa boti hutaka nusu ya fedha kabla hajaanza kazi. Kwa fedha taslimu, nusu hiyo ni matumizi tangu siku iliyotoka, ingawa boti bado haipo. Andikeni hivyo, la sivyo mkaguzi wa robo ya kwanza ataona milioni 4 zimetumika na pwani hakuna chombo.

Sasa dhana. Wengi huandika "bei zinaweza kubadilika kulingana na soko", sentensi ambayo haimsaidii mtu. Dhana inayofaa ina vitu vitatu: tarakimu yenyewe, ilikotoka, na kiasi ambacho jedwali litayumba ikibadilika.

Mashine ya boti inauzwa kwa dola 2,500. Jumuiya imetumia shilingi 2,600 kwa dola, na ndipo ikapatikana 6,500,000. Maelezo yaseme kiwango hicho ni cha tarehe gani na cha nani, kwa sababu kiwango kinachotangazwa na Benki Kuu si lazima kiwe ndicho duka litakachotumia siku ya kulipa. Kisha yaseme: "Kila dola ikipanda kwa shilingi 100, gharama ya mashine inaongezeka kwa shilingi 250,000." Ikifika 2,750, nyongeza ni 375,000, zaidi ya bei ya chanja moja, ambayo hapa ni 350,000. Mtoa ruzuku akisoma hivyo anaelewa kwamba dola ikipanda, ama chanja zitapungua ama jumuiya itatafuta fedha kwingine. Na jumuiya yenyewe inalazimika kuamua mapema ni lipi kati ya hayo.

Mafuta ni kifungu kidogo lakini ndicho chenye dhana nyingi zaidi. Msomaji anaona 3,024,000, anaigawa kwa miezi 12, anapata 252,000 kwa mwezi, na anaona ni kidogo. Maelezo yanamwambia kwamba boti itafika mwisho wa Septemba, kwa hiyo mafuta ni ya miezi 9, si 12. Yanamwambia pia kwamba boti itatumika siku 14 kwa mwezi, bamvua mbili za siku 7, kwa kuwa mashamba ya vijiti na kamba hufanyiwa kazi maji yanapotoka sana; siku za maji mafu watu wako nyumbani. Lita 8 kwa siku, kwa siku 14, kwa miezi 9, ni lita 1,008. Kwa shilingi 3,000 kila lita inatoka tarakimu ya jedwali. Bei ya mafuta Zanzibar hutangazwa na ZURA, kwa hiyo chanzo cha kuandika kipo: mwezi wa tangazo mliotumia.

Halafu fikirini dhana ipi inaweza kuvunjika kweli. Bei ya lita itapanda au kushuka kwa mamia. Lakini kama wanachama watahamishia kamba zao kwenye maji ya kina, kama baadhi ya wakulima wanavyofanya kwa kukimbia joto la maji ya pwani, kina kirefu hakingoji bamvua. Siku 14 zinaweza kuwa 20. Kwa lita na bei zile zile, mafuta yanakuwa 4,320,000, nyongeza ya 1,296,000. Ndiyo maana siku za bamvua ziandikwe wazi kama dhana, zisifichwe ndani ya tarakimu ya mafuta.

Sehemu ya tatu, yasiyojumuishwa, ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa zaidi kwa uzoefu wangu, na ndiyo inayoandikwa kwa ufupi kupita zote. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba hakuna kitu kinachoachwa nje bila kuandikwa nani atakibeba.

Ankara ya mashine, kwa mfano, ni ya bei ya dukani Unguja. Kuisafirisha hadi Wete hakumo. Usipoandika kitu, muuzaji atadhani jumuiya inalipa, jumuiya itadhani ruzuku inalipa, na mashine itakaa dukani. Andikeni: "Usafiri wa mashine kutoka Unguja hadi Wete haumo katika bajeti hii, utalipwa na jumuiya kutoka akiba yake." Vivyo hivyo semeni kama bei zina Kodi ya Ongezeko la Thamani au hazina, kwa kunukuu ankara yenyewe.

Nguvu kazi ni jambo gumu zaidi. Wanachama watajenga chanja wenyewe, tuseme siku 4 za mtu mmoja kwa kila chanja, jumla siku 80. Ukizithamini kwa shilingi 15,000 kwa siku, ni 1,200,000. Chini ya fedha taslimu hazimo, na maelezo yazitaje hivyo pamoja na thamani yake. Mtoa ruzuku akitaka mchango huo uonekane, uwekwe pande zote mbili: 1,200,000 kwenye mapato kama mchango wa wanachama na 1,200,000 kwenye matumizi kama ujenzi, jumla zifike 27,200,000. Jumuiya nyingine huuweka upande wa mapato peke yake, na bajeti inaonyesha ziada ambayo hakuna atakayeiona benki.

Pia kuna pato lisilojumuishwa. Fedha ya mwani wenyewe ni ya mkulima, si ya jumuiya. Inapita ghalani tu. Bila sentensi hiyo, mtu kwenye mkutano wa shehia ataona kilo 21,000 na shilingi 1,900,000, ataanza kuuliza nani anakula. Serikali nayo ina mambo ya aina hii: jedwali la bajeti ya SMZ halina mishahara ya polisi, ingawa polisi wapo Wete na Chake Chake, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano na fungu lake liko kwenye bajeti ya Muungano.

Bima ya boti, ubadilishaji wa mashine baada ya muda wake na akiba ya dharura navyo havimo katika mfano wetu. Viwili vya kwanza nitavikubali vikiachwa nje ilimradi vimetajwa na mbebaji wake yupo. Kuhusu dharura ningesita. Bajeti ambayo imekiri kwamba dola ikipanda kwa 150 inapoteza chanja, kisha haina hata senti ya dharura, imejiwekea mtego.

Ukurasa wote usizidi mmoja na nusu, uwe na tarehe, na jina la aliyeuandaa na la mshika fedha aliyeuhakiki. Kila dhana ipewe namba, na namba hiyo iwekwe pembeni mwa kifungu husika kwenye jedwali. Dhana ikivunjika katikati ya mwaka, msifute tarakimu ya zamani. Toeni toleo jipya lenye tarehe yake, lililotaja namba ya dhana iliyobadilika, tarakimu ya awali na ya sasa, na kikao kilichoidhinisha, kisha mlitume kwa mtoa ruzuku kabla ya kununua chochote kwa bei mpya.