Soseji zikishafunguliwa: tarehe ya pakiti, pua na friji vinavyotudanganya

Soseji ni kitu cha kununua pakiti nzima na kula nusu. Watoto wanakaangiwa nne asubuhi, zilizobaki zinarudi kwenye friji, na baada ya hapo kila nyumba ina sheria yake ya kujua kama bado zinalika. Nyingi ya sheria hizo zina kasoro, na chache zina hatari.

"Tarehe ya mwisho haijafika, kwa hiyo ziko sawa"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na inaeleweka kwa nini, maana tarehe imepigwa muhuri pale pale kwenye plastiki. Lakini kiwanda kiliipanga kwa ajili ya pakiti iliyofungwa. Hotidogi, soseji za viena na smoki hupikwa kiwandani, kisha huwekwa kwenye plastiki iliyovutwa hewa, na hewa ikikosekana bakteria wengi na ukungu hukosa nafasi ya kustawi. Ukishaichana, umeingiza hewa, vidole, ncha ya kisu, na pengine tone la maji ya kuku mbichi aliyewekwa rafu ya juu. Kuanzia hapo tarehe ya kiwandani haikulindi tena.

Mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani, nchi inayokula hotidogi kama sisi tunavyokula chapati, ni wiki moja kwa pakiti iliyofunguliwa na wiki mbili kwa isiyofunguliwa, friji ikiwa na nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Tarehe ya pakiti ikifika kabla ya wiki kuisha, fuata tarehe. Isipofika, fuata wiki.

Kuna pia wanaoikunja pakiti kwa rababendi wakiamini wameifunga upya. Rababendi inazuia soseji zisikauke na zisinukie vitunguu vya jirani, basi. Hewa imeshaingia na haitoki. Bora uzihamishie kwenye bakuli kavu lenye mfuniko, uyamwage yale maji yaliyokaa chini ya pakiti, na uandike siku ya kufungua kwenye kipande cha tepu juu ya mfuniko. Siku hiyo hakuna anayeikumbuka, na ndiyo pekee yenye maana.

"Soseji ni soseji"

Hapa ndipo Afrika Mashariki tunapojikwaa zaidi. Mwongozo wa wiki moja ni wa soseji zilizokwisha kupikwa kiwandani. Lakini soseji nyingi tunazonunua za ng'ombe au za kuku, zile laini zinazouzwa zikiwa zimegandishwa, ni nyama mbichi iliyosagwa na kutiwa kwenye ganda jembamba. Hizo hukaa siku 1 hadi 2 tu kwenye friji, sawa na nyama ya kusaga. Na kwa hizo, kufungwa hakusaidii sana: pakiti mbichi ikishayeyuka, siku zinahesabika hata kama hujaichana.

Zitofautishe vipi? Soma pakiti kwanza. Ikikutaka uzipike kabisa kabla ya kula, ni mbichi. Ikisema zimeiva au zimefukizwa moshi, kama smoki, ziko kundi la wiki moja. Mkononi, mbichi hubonyea na ukiikata ndani ni nyama inayonata kidole. Iliyoiva ni ngumu kiasi, ukiikata inasimama na uso wake ndani ni laini sawasawa. Rangi usiiamini, kwa sababu viungo na rangi za kiwandani huweza kuipa mbichi wekundu wa kuvutia. Kama umenunua za kupimiwa zisizo na maandishi, na huna uhakika, zihesabu kuwa mbichi.

Tuchukue nyumba moja Dar es Salaam. Jumamosi jioni mama ananunua pakiti mbili, moja ya smoki na moja ya soseji mbichi za ng'ombe zilizogandishwa. Zote zinaingia kwenye friji. Jumapili asubuhi soseji zimeyeyuka, anazikaanga sita, na anafungua smoki pia kwa ajili ya wageni. Zilizobaki za ng'ombe zinatakiwa zipikwe Jumatatu, na kuchelewa kabisa ni Jumanne. Smoki zinaweza kungoja hadi Jumapili inayofuata. Zile sita alizokaanga, kama zikibaki mbili kwenye sahani, sasa ni kiporo, na kiporo cha nyama hukaa siku 3 hadi 4, mradi kiliingia friji ndani ya saa 2 tangu kutoka jikoni. Siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32, na Dar hizo hazikosekani, ni saa 1. Friji moja, siku moja, hesabu tatu tofauti.

"Zingeharibika ningesikia harufu"

Pua inafanya kazi nzuri, ila kazi yake ni nyingine. Soseji inapochacha, inapotoa utelezi mweupe kama maji ya mchele, au plastiki inapofura, hao ni bakteria wa kuharibu chakula, wengi wao wakiwa ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Wanakera, lakini mara nyingi si wao wanaolaza watu hospitali.

Anayeogopwa kwenye nyama za aina hii ni listeria. Bakteria wengi wanaodhuru husinzia kwenye baridi, lakini huyu anaendelea kuzaliana ndani ya friji, polepole kwenye nyuzi 4, kwa kasi zaidi friji ikipanda hadi 8 au 10. Habadilishi harufu, rangi wala ladha. Soseji yenye listeria inaweza kunukia vizuri kabisa. Ile wiki moja imewekwa hasa kwa ajili yake: ni muda mfupi wa kutosha kumnyima nafasi ya kuongezeka, kama aliingia.

Afrika Kusini walimjua vizuri. Mwaka 2017 na 2018 ulitokea mlipuko wa listeria mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa duniani, wagonjwa zaidi ya 1,000 wakithibitishwa na zaidi ya 200 wakifariki. Machi 2018 serikali ilitangaza kwamba chanzo ni polonyi, nyama ya jamii moja na hizi soseji, iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha Polokwane. Takriban wanne kati ya kila wagonjwa kumi walikuwa watoto wachanga, wengi wao wakiambukizwa kupitia mama zao. Ugonjwa huu unaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya mlo, ndiyo maana kauli ya "tulikula juzi na hatukuumwa" haithibitishi chochote.

Kwa hiyo mjamzito, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu asile smoki au hotidogi ya baridi kutoka kwenye pakiti, hata ikiwa imefunguliwa leo. Ipashwe hadi itoe mvuke katikati, yaani nyuzi 74.

Harufu mbaya na utelezi, hata hivyo, ni sababu ya kutupa siku yoyote, hata ya pili. Pua ina haki ya kusema "tupa". Haina uwezo wa kusema "kula".

"Zioshe kwa ndimu, kisha zikaange vizuri"

Utelezi ukionekana, wapo wanaozisugua kwa ndimu na chumvi, zikang'aa upya. Walichoondoa ni dalili. Bakteria hawako juu tu, na maji ya kuoshea yanaruka hadi kwenye sinki na kwenye kachumbari iliyo pembeni.

Moto nao una mipaka. Kukaanga vizuri kunaua bakteria, listeria akiwemo, na soseji mbichi ya ng'ombe ikifika nyuzi 71 ndani, ya kuku 74, imeiva salama. Tatizo ni sumu. Stafilokoka, ambaye anaishi puani na mikononi mwetu, akikaa kwenye nyama yenye joto kwa saa kadhaa hutoa sumu isiyovunjwa na kikaango wala sufuria ya maji yanayochemka. Unaua bakteria, sumu inabaki, na saa chache baadaye unatapika. Katika friji yenye baridi ya kutosha hapati nafasi hiyo. Nafasi anaipata umeme unapokatika.

"Zimo kwenye friji, zina wasiwasi gani?"

Friji nyingi za nyumbani hazina nyuzi 4. Zimejaa masufuria ya moto, mlango unafunguliwa kila dakika, raba ya mlango imelegea. Kipimo cha joto cha friji si ghali: kiweke ndani ya glasi ya maji katikati ya friji usiku kucha, usome asubuhi kabla mtu hajafungua. Ikiwa ni nyuzi 8, usitegemee wiki nzima. Na usiweke soseji kwenye mlango, ndiko kwenye joto zaidi.

Turudi kwa yule mama wa Dar. Jumatano usiku umeme unakatika saa 4 na kurudi saa 9 alfajiri, saa tano kamili. Friji ikibaki imefungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Kipimo chake kikionyesha zaidi ya nyuzi 4 na hajui ni tangu lini, smoki zile zinatupwa, ingawa zilikuwa na siku nne mbele. Kinachouma ni kwamba zitakuwa zinanukia vizuri tu.

"Zina moshi, chumvi na dawa"

Zinazo. Nitriti ya sodiamu, inayoandikwa E250, ndiyo inayoipa soseji wekundu wake na kumzuia bakteria wa botulizimu. Lakini soseji ina maji mengi, si nyama ya kukausha. Chumvi na moshi wa kiwango hicho ni wa ladha zaidi kuliko ulinzi, na listeria huvumilia chumvi vizuri.

"Siku ya mwisho nitazigandisha"

Friza inasimamisha hesabu, haiifuti. Ukigandisha smoki siku ya sita, ukiziyeyusha zina siku moja. Listeria naye hafi kwa barafu, analala tu. Gandisha siku ile ile ya kufungua: zigawe kwa mlo mmoja mmoja, kila fungu kwenye mfuko wake uliobanwa hewa itoke. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na ladha nzuri kwa mwezi 1 hadi 2, na baada ya hapo zinaanza kukauka na kupata ladha ya friza, ingawa bado ni salama. Kuyeyusha kufanyike ndani ya friji tangu usiku, si juu ya meza ya jikoni. Ukiwa na haraka, smoki zilizoganda unaweza kuzitia moja kwa moja kwenye maji yanayochemka.