Ripoti za kuambatanisha unapoomba usajili wa mtaalamu elekezi wa mazingira

Kifungu cha 83 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yaani TAM, ifanywe na wataalamu au kampuni zilizosajiliwa. Mwekezaji anayetaka cheti cha TAM kutoka NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira la Tanzania, huanza kwa kumtafuta mtu wa aina hiyo. Nimewasaidia vijana wengi kuandaa maombi ya usajili, na wengi wao hukwama mahali pamoja. Elimu wanayo na mafunzo ya TAM wameyapata, lakini wanashindwa kuonyesha kazi waliyoifanya wao wenyewe.

Tuchukue mfano wa mwombaji mwenye shahada ya sayansi ya mazingira aliyefanya kazi miaka kadhaa katika kampuni ya ushauri. Wasifu wake unasema ameshiriki miradi 14, na ameambatanisha nakala za majalada yenye orodha ya timu. Anayehakiki ataona jina lake likiwa la mwisho, basi. Je, alipima maji, aliendesha mikutano ya vijiji, au alichapa ripoti tu? Jalada halisemi.

Namshauri apunguze. Achague ripoti tatu ambazo anaweza kuulizwa ukurasa wowote akajibu, na kwa kila moja aandike ukurasa mmoja unaotaja sura alizoandika, siku alizokuwa eneo la mradi na uamuzi uliotokana na kazi yake. Kiongozi wa timu autie saini. Barua isemayo “alishiriki kikamilifu” haimsaidii, kwa kuwa haina kitu cha kuhakiki.

Tuseme moja kati ya hizo tatu ni ya kituo cha mafuta, naye ndiye aliyeandika sehemu ya maji ya ardhini. Alikuta maji yako mita 9 kwenda chini, na kitako cha matangi kitakuwa mita 4, kwa hiyo kati ya tangi na maji kuna mita 5 za udongo. Majirani wanachota maji ya kunywa kwenye visima. Hapo anayesoma anafuata uzi: je, uvujaji umetajwa kuwa athari kubwa? Je, ripoti inadai matangi yenye kuta mbili na kisima cha uangalizi upande ambako maji ya ardhini yanaelekea? Je, mpango wa usimamizi wa mazingira unasema nani atapima, kila baada ya muda gani, na kwa gharama ya nani? Uzi ukifika mwisho bila kukatika, umeonyesha uwezo wa kutathmini. Vipimo vizuri vikifuatwa na jedwali la athari lisilovitaja, umeonyesha uwezo wa kupima tu.

Ripoti hiyo ina udhaifu mmoja: kina kilipimwa Septemba, wakati wa kiangazi. Masika maji hupanda, na zile mita 5 zinaweza kupungua sana. Mwombaji aseme hivyo mwenyewe kwenye ukurasa wake wa maelezo, na aeleze kipimo alichopendekeza cha msimu wa mvua. Kwangu mimi, mwombaji anayejua mipaka ya kazi yake ananipa imani kuliko mwenye ripoti isiyo na dosari.

Kunakili nako hugundulika upesi. Mradi wa Dodoma unapozungumzia mikoko, au jina la kijiji cha mradi mwingine linapobaki katikati ya aya, msomaji huanza kutilia shaka hata kurasa zilizo halali. Linganisha pia muhtasari wa Kiswahili na ule wa Kiingereza, maana ripoti ya TAM huhitaji yote mawili. Mara nyingi mmoja hurekebishwa na mwingine ukaachwa na takwimu za zamani. Maoni ya wananchi yaliyoorodheshwa kwenye viambatisho yaonekane yamejibiwa ndani ya ripoti.

Kuhusu miaka ya uzoefu, hesabu muda kwa kalenda. Ukifanya mradi mmoja kuanzia Januari hadi Agosti na mwingine kuanzia Mei hadi Oktoba, una miezi 10 na si 14, kwani miezi minne imejirudia. Nimeona maombi ambayo uzoefu wake ulipungua karibu nusu baada ya hesabu hiyo, na mwombaji hakuwa amekusudia kudanganya.

Kabla ya kuambatanisha chochote, omba ruhusa ya maandishi kwa kampuni iliyoandaa ripoti na kwa mwekezaji aliyeilipia. Anza mapema, kwa sababu ukishahama kampuni, kuipata barua hiyo pamoja na saini ya kiongozi wa timu huwa kazi ngumu. Mimi huwaambia vijana waombe saini hiyo wiki ileile ripoti inapowasilishwa, kila mtu akiwa bado anakumbuka nani aliandika nini.