Swali, dai la kushtua au onyesho: ndoano ipi kwa bidhaa ipi

Wauzaji wengi wa mtandaoni huchagua namna ya kuanza video kwa kuangalia ya mwenzao iliyotazamwa sana. Aliyeuza mopu alianza kwa kumwaga chai sakafuni, basi muuza viatu naye anamwaga chai. Ndoano, yaani zile sekunde tatu za mwanzo zinazomfanya mtu asipitishe kidole, haiazimwi namna hiyo. Inatokana na bidhaa yenyewe.

Kabla ya kuwasha kamera mimi hujiuliza jambo moja: faida ya hiki kitu inaonekana kwa macho ndani ya sekunde tatu? Ikionekana, anza kwa onyesho na usihangaike na maneno. Isipoonekana, uliza la pili: ni kitu gani kinamzuia mteja kununua? Kama anaamini jambo lisilo sahihi kuhusu bidhaa, hasa gharama yake, anza kwa dai linalogonga imani hiyo. Kama imani hana tatizo nayo ila hajaona kwamba jambo linamhusu, anza kwa swali.

Tuchukue presha kuka ya umeme, ile ya lita 6, kwa sababu ndiyo ninayoona video zake zikiharibiwa zaidi. Karibu kila video yake huanza kwa onyesho: mfuniko unafunguliwa, mvuke unapanda, maharage yameiva. Picha ni nzuri, lakini haimwambii mtazamaji kitu, maana maharage yaliyoivia kwenye mkaa yanafanana na hayo hayo. Mama anayetazama hana shaka kwamba chombo kinaivisha. Shaka yake iko kwenye mita. Anaamini kupika maharage kwa umeme kutamaliza LUKU yote kabla ya mwisho wa wiki.

Kwa hiyo hapa ndipo pa dai la kushtua: "Nusu kilo ya maharage, umeme haufiki nusu uniti." Linashtua kwa sababu linapingana na anachokijua, na lina bahati moja kubwa: linaweza kuthibitishwa palepale. Kuka hiyo kwa kawaida ina nguvu ya wati 1,000, lakini haivuti umeme muda wote. Inavuta kwa mfululizo mpaka presha ijae, kisha inajizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi, maana mfuniko umebana na joto halipotei haraka. Ndiyo maana saa nzima ya kupika haili uniti nzima.

Uthibitisho urekodi hivi. Zima friji, pasi, televisheni na kila kinachovuta umeme, bakiza kuka peke yake. Piga picha ya mita ikionyesha uniti zilizobaki. Weka nusu kilo ya maharage na maji, funga, pika mpaka yaive, kisha piga picha ya mita tena. Tofauti ya namba mbili ndiyo dai lako, na uitaje ilivyotoka kwako, si ilivyotoka kwenye video ya mwingine. Maharage makavu ya zamani au ambayo hayakulowekwa yatachukua muda mrefu zaidi, na namba itapanda. Friji ikibaki inafanya kazi, namba itakuwa ya friji na kuka pamoja, na utakuwa umejipunja mwenyewe.

Taja uniti, usitaje shilingi. Wateja wa TANESCO hawalipi bei moja. Wenye matumizi madogo hununua uniti kwa bei nafuu kuliko wengine. Ukisema shilingi, nusu ya watazamaji watakuja kwenye maoni kusema umedanganya, na kwa hesabu zao watakuwa sahihi. Ukisema uniti, kila mmoja atapiga hesabu yake na kulinganisha na kopo la mkaa la mtaani kwake.

Kosa linaloua dai la kushtua ni kuchelewesha uthibitisho. Dai likitoka sekunde ya kwanza, mita ionekane kabla ya sekunde ya tano, hata kama mapishi utayaonyesha baadaye. Ukianza kueleza rangi na dhamana ya mwaka mmoja kwanza, mtu anahisi anapigwa porojo. Na dai usiloweza kulionyesha, liache. Krimu ya "kung'arisha uso siku tatu" haina mita ya kupiga picha. Dai la aina hiyo huvuta macho tu na kuleta hasira, na matangazo yanayoahidi miujiza ya mwili hukataliwa na majukwaa yenyewe.

Onyesho lina mahali pake, na pakiwa pake halishindwi. Sabuni ya kutoa masizi, kisu, gundi, koti la mvua: hivi vinajieleza. Ila anza katikati ya tendo. Sufuria lililoungua liwe tayari limesuguliwa nusu, upande mmoja unang'aa na mwingine mweusi, mkono unaendelea. Ule mstari kati ya nusu mbili ndio unaomshika mtu. Ukianza na chupa ya sabuni mezani, sekunde tatu zimeisha kabla hajaona kitu. Rekodi kipande hicho bila kukata, kwani mkato mmoja tu kati ya uchafu na usafi huzaa shaka kwamba umebadilisha sufuria.

Swali ndilo hutumiwa vibaya zaidi, kwa sababu ni rahisi kuandika. "Unataka godoro zuri?" halimnasi mtu yeyote, kila mtu analijibu na kuendelea. Swali zuri hutaja dalili ambayo mtu anaiishi bila kuihusisha na bidhaa: "Unaamka mgongo umekaza, lakini ukifika saa nne asubuhi umeachia?" Mwenye godoro lililobonyea atasimama, maana hakuwahi kulidhania godoro. Godoro halina onyesho la sekunde tatu, na hakuna imani kali ya kuvunja, kwa hiyo swali ndilo linalolifaa. Tahadhari: kwenye matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, swali linalomtuhumu mtu kuwa na ugonjwa, kama "Je, una kisukari?", hukataliwa kwa kugusa hali binafsi ya mtazamaji. Taja chakula au kipimo unachouza, usimtaje mtu na maradhi yake.

Ukishachagua, jaribu bila kuchanganya mambo. Tengeneza mwili mmoja wa video, badilisha sekunde tatu za mwanzo tu, na weka matoleo mawili kwa bajeti sawa. Kwenye Ads Manager, pale unaposimamia matangazo ya Facebook na Instagram, gawanya `3-second video plays` kwa `Impressions`, yaani mara ambazo tangazo lilionyeshwa. Tuseme dai limepata 300 kati ya 1,000 na onyesho 200 kati ya 1,000: dai linasimamisha watu zaidi. Usiishie hapo. Angalia na `ThruPlays`, ambazo huhesabu waliofika sekunde 15 au mwisho wa video ikiwa fupi zaidi. Kama dai linasimamisha wengi lakini wanaondoka kabla ya kufika huko, ndoano imeahidi kitu ambacho mwili haukukitoa. Mara nyingi dawa yake ni kusogeza mita mbele, si kutafuta dai kali zaidi.

Maoni nayo husema mengi ambayo namba hazisemi. "Muongo wewe" yakijaa, uthibitisho umechelewa au haujaonekana vizuri. "Hicho ni nini?" ina maana onyesho limeanza karibu mno, bidhaa haikutambulika. "Bei gani na mnaleta Mbagala?" ni ishara kwamba ndoano imefanya kazi yake, na kilichobaki ni kujibu inboksi haraka.