"Tangazo la jina letu ndilo linalotulipa zaidi": dhana potofu na ukweli

Dhana: Ripoti inaonyesha tangazo la jina letu, lile linalotokea mtu akitafuta jina la kampuni, linashinda mengine yote, kwa hiyo tuliongezee bajeti.

Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Ripoti ya matangazo inahesabu waliobofya. Haijui nani angekuja hata bila tangazo. Aliyeandika jina la kampuni yako kwenye Google ameshajua anakokwenda. Ukiweka tangazo juu ya kiungo chako cha bure, atabofya la juu na wewe utalipa. Mwaka 2012 eBay walizima matangazo ya jina lao kwenye Yahoo na MSN, wakayaacha Google. Asilimia 99.5 ya mibofyo ya matangazo yaliyozimwa ilirudi kupitia matokeo ya bure.

Lakini wewe si eBay, kwa hiyo pima. Gawa mikoa katika makundi mawili ambayo mauzo yake hupanda na kushuka pamoja, kisha zima tangazo katika kundi moja kwa wiki nne. Search Console, zana ya Google inayoonyesha mibofyo ya bure, haigawi takwimu kwa mikoa, hivyo tumia takwimu za tovuti yako: wageni wote waliotoka kwenye utafutaji, wa kulipia na wa bure, wajumlishwe.

Tuseme kundi ulilozima lilikuwa na wageni 1,000 wa kulipia na 1,500 wa bure kwa wiki. Baada ya kuzima, wa bure wanakuwa 2,450, na kundi la pili halijabadilika. Umepoteza 50 tu. Wale 950 walikuwa wako tangu mwanzo, na kila mgeni aliyeletwa kweli na tangazo alikuwa anakugharimu mara 20 ya bei iliyo kwenye ripoti. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mauzo, ukiyatoa kwenye vitabu vyako.

Jaribio hili huharibikia mahali pamoja mara nyingi: unazima kampeni ya jina, halafu kampeni ya Performance Max, ambayo Google huichagulia yenyewe pa kuonekana, inalidaka jina lilelile kimyakimya. Litenge huko kwanza, la sivyo hujazima kitu.

Dhana: Inatosha kuzima kila mahali wiki moja na kulinganisha na wiki iliyopita.

Hapana. Mishahara, sikukuu na tangazo la redioni vyote vinabadilisha idadi ya wanaotafuta jina lako. Bila kundi la kulinganisha hutajua ni kipi kilichosababisha badiliko.

Dhana: Basi tangazo la jina ni hasara siku zote.

Hapa inategemea washindani. Fungua ripoti ya Auction insights ya kampeni hiyo, inayoonyesha nani mwingine anatangaza kwenye utafutaji huohuo, kabla hujazima. Ukiwa peke yako, mara nyingi unajilipia wateja wako mwenyewe. Wakiwepo wengine wanaonunua jina lako, ukiondoka wao ndio watakaokaa juu ya kiungo chako, na hasara inaweza kuwa kubwa. Usitegemee malalamiko kwa Google yakuokoe: Google huweza kuzuia jina lako lisitumike ndani ya maandishi ya tangazo la mwenzako, lakini haimkatazi kulinunua kama neno la utafutaji.